Zawadi Isiyopigiwa Ngoma

Mgonjwa alipokuwa akitoka hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini Akron, Marekani, Sista Ignatia alimkabidhi beji ndogo ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kwa sharti moja: siku akitaka kunywa tena, airudishe kwanza. Hospitali hiyo ilianza kupokea walevi mwaka 1939, miaka minne baada ya AA, umoja wa wanaojinasua na pombe, kuasisiwa mjini humo. Sista alijua alichofanya. Njia ya kurudisha beji ilimpa mtu nafasi ya kubadili nia.

NA, umoja wa wanaojinasua na dawa za kulevya ulioanza California mwaka 1953, hugawa vishika funguo vya plastiki. Cheupe hupewa anayeanza, cha rangi ya chungwa ni cha siku 30, cha kijani 60, chekundu 90, na cha mwaka mzima hung'aa gizani. Jambo la kutazama ni hicho cheupe. Aliyeteleza akirudi, hupewa hicho hicho, bila kuhojiwa.

Hapo ndipo marafiki wengi wanaotaka kumpongeza aliyeacha hukosea. Zawadi kubwa hugeuka deni: anayepewa simu mpya kwa kutimiza mwezi, akiteleza wiki ya sita, atamkwepa aliyempa kuliko mtu mwingine yeyote. Bora kitu chepesi kinachoweza kutolewa tena hata hesabu ikianza upya.

Tuseme rafiki yako aliamka bila kunywa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Machi. Siku 30 zinatimia 31 Machi, na 90 zinatimia 30 Mei. Muulize mapema kama angependa siku hizo zikumbukwe; wengine hawataki kuhesabiwa, na hesabu ni yao. Akikubali, Machi mpelekee chupa ya chai na tangawizi, kwa ajili ya zile saa za jioni alizozoea kuwa baa. Mei, labda viatu vya mazoezi vya bei ya kawaida. Mpe mkononi, mkiwa wawili, bila kadi yenye idadi ya siku wala picha ya kuweka kwenye hali ya WhatsApp. Mkewe au bosi wake asijue kupitia kwako.

Fedha taslimu ziache, hasa miezi ya mwanzo. Kagua pia chokoleti zenye pombe ndani, na usimpelekee bia inayoitwa haina kilevi: nyingi huruhusiwa kuwa na hadi asilimia 0.5, na harufu yake peke yake yaweza kuamsha kiu.

Na kama bado anakunywa sana kila siku, usimwahidi zawadi ili aache ghafla. Mwili uliozoea pombe ukikatiziwa waweza kupata degedege ndani ya siku mbili, na kuchanganyikiwa kunakofuata huweza kuua. Msindikize kwanza kwa daktari; siku za kuhesabu zitaanzia huko.