Tangazo la Mfumo Mpya: Alhamisi Asubuhi Nitafanya Nini?

Tangazo limebandikwa ubaoni, karibu na mlango wa chumba cha wauguzi. Limeandikwa hivi: "Watumishi wote mnaarifiwa kuwa kuanzia wiki ijayo kituo kitahamia kwenye mfumo mpya wa kielektroniki. Mafunzo yatatolewa. Kwa maelezo zaidi wasilianeni na ofisi ya TEHAMA." Chini kuna mhuri na sahihi.

Muuguzi anayetoka zamu ya usiku analisoma mara mbili. Wiki ijayo siku gani? Mafunzo yako wapi, na atahudhuriaje ikiwa yatafanyika akiwa amelala? Mgonjwa akija na kadi yake ya zamani, aikatae au aipokee? Umeme ukikatika saa 4 usiku, amwite nani? Tangazo halina kosa la lugha wala la utaratibu, ila halijajibu hata swali moja kati ya hayo. Anaondoka, anawauliza wenzake, na kila mmoja anampa jibu lake.

Ofisi nyingi hudhani kazi ya tangazo la programu mpya ni kuwapa watu habari. Ukweli ni kwamba tangazo ni sehemu ya mitambo yenyewe, sawa na nyaya na kompyuta. Likikosewa, mfumo mzuri unaweza kukwama siku ya kwanza.

Jijini London lilitokea jambo linaloonyesha hivyo. Jumatatu ya tarehe 26 Oktoba 1992, huduma ya magari ya wagonjwa ya jiji hilo iliwasha mfumo wa kompyuta uliokusudiwa kupokea simu za dharura na kupanga gari lipi liende wapi. Ndani ya saa chache mambo yalivurugika. Magari yalichelewa, simu za watu walewale zilirudiwa, na wapokeaji wakalemewa. Ripoti ya uchunguzi iliyotoka Februari 1993 ilieleza kuwa siku zile mbili za kwanza kompyuta hazikuharibika kiufundi. Mfumo ulikuwa ukipokea taarifa pungufu kuhusu mahali magari yalipo, na sababu moja ni madereva na wahudumu kutobonyeza vitufe sahihi kwa mpangilio unaotakiwa.

Suala la tarehe za mafunzo lilikuwa ndani ya tatizo hilo. Mwanzoni mfumo ulipangwa kuanza tarehe 8 Januari 1992, na mafunzo mengi yalitolewa mapema kwa kufuata tarehe hiyo. Uzinduzi ukasogezwa mbele, mafunzo yakabaki nyuma. Kufika Oktoba, watu walikuwa wamesahau sehemu kubwa ya walichojifunza. Isitoshe, wapokea simu na wahudumu wa magari walifundishwa mbalimbali, kwa hiyo hakuna upande ulioona kosa lake linavyomfikia mwenzake. Siku yenyewe, wafanyakazi wa chumba cha mawasiliano walikuta wamepangwa kwenye viti wasivyovizoea, bila karatasi za akiba za kukimbilia.

Tuchukue sasa kituo cha afya cha mfano chenye watumishi 36 na kompyuta 6, kinachoacha mafaili ya karatasi. Mganga mfawidhi anataka tangazo litakalofanya kazi. Kabla ya kuandika neno lolote, anafungua kalenda.

Mwezi ni Oktoba. Siku za mwanzo wa mwezi ni za kufunga na kupeleka ripoti za MTUHA za mwezi uliopita, kwa hiyo hazifai. Jumatatu yoyote ina foleni ya wagonjwa waliosubiri tangu mwisho wa wiki. Tarehe 14 ni kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambayo katika mfano wetu inaangukia Jumanne, na siku inayofuata sikukuu nayo hujaa watu. Anachagua Alhamisi tarehe 16 iwe siku ya kuanza. Kutoka hapo anahesabu kurudi nyuma. Watu 36, kila mmoja akae mbele ya kompyuta yake, ni makundi sita ya watu sita. Kila kundi likipata saa tatu, na makundi mawili kwa siku, zinatosha siku tatu: Jumatano tarehe 8, Alhamisi tarehe 9 na Ijumaa tarehe 10. Jumatatu tarehe 13 ni ya waliokosa. Mtu atakayefundishwa mapema kuliko wote atakuwa na siku nane tu za kusahau.

Kila kundi linachanganywa, kadiri idadi inavyoruhusu: mmoja wa mapokezi, tabibu, wauguzi wawili, mtu wa maabara na mtu wa dirisha la dawa. Faida ya kwanza ni kwamba hakuna idara inayobaki tupu. Ya pili ni kubwa zaidi: kundi linaweza kumpitisha mgonjwa wa kubuni kutoka meza moja hadi nyingine, na mtu wa mapokezi akaona kwa macho yake kwamba akikosea jina, maabara haitampata mgonjwa. Walioingia zamu ya usiku wanawekwa kwenye kundi la mchana, ili wapate kulala kwanza.

Saa nazo zinahitaji uangalifu ambao wenye lugha nyingine hawauhitaji. Mtu akiandika "mafunzo 8:00", nusu ya watumishi watafika saa 2 asubuhi na nusu saa 8 mchana. Kompyuta nayo itaonyesha 14:00 pale ambapo watu wanasema saa 8. Tangazo liandike saa ya Kiswahili pamoja na sehemu ya siku, na liseme mara moja tu namna skrini inavyoisoma saa hiyo.

Hatua inayofuata ni kueleza kinachobadilika, na hapo ndipo waandishi wengi hutoroka. Husifia mfumo kwamba una kasi na usalama, huku mtumishi akitaka kujua mkono wake utagusa nini. Serikali ya Tanzania ilipoacha OPRAS na kuingia PEPMIS katika mwaka wa fedha 2023/24, mabadiliko hayakuwa ya jina tu. Mtumishi aliyezoea kujaza fomu za karatasi za tathmini alitakiwa kuingia kwenye mfumo kwa akaunti yake, kuweka majukumu yake yaliyotokana na ya msimamizi wake, kisha kuripoti maendeleo mwaka mzima. Kwa mwalimu asiye na kompyuta shuleni, habari yenyewe ilikuwa simu, bando, na jina la msimamizi sahihi kwenye skrini. Tangazo linalomfaa huanzia hapo.

Mfawidhi wetu anaandika kwa idara, sentensi mbili mbili. Baada ya marekebisho kadhaa, tangazo linasomeka hivi:

"Kuanzia Alhamisi tarehe 16 Oktoba, saa 1:30 asubuhi, wagonjwa wote wapya na wa marudio wataandikishwa kwenye kompyuta.

Mapokezi: mtafute mgonjwa kwanza kwa namba ya simu, kisha kwa jina. Msifungue faili jipya la karatasi.

Matabibu: vipimo na dawa vitaagizwa kwenye skrini. Hakuna kuandika cheti cha maabara.

Maabara na dawa: maombi yataonekana kwenye orodha yenu. Mgonjwa akija na karatasi, mrudisheni kwa tabibu kwa upole.

Kisichobadilika: vitabu vya MTUHA vinaendelea kujazwa hadi mtakapoarifiwa kwa maandishi. Mafaili ya zamani yanabaki kabatini na yanaweza kusomwa.

Umeme au mtandao ukikatika: tumieni fomu zilizo kwenye kasha jekundu mapokezi. Zitaingizwa na mtu wa mapokezi aliye zamu siku hiyohiyo umeme ukirudi.

Kundi lako la mafunzo liko kwenye orodha ya pili. Ukishindwa kufika, mwambie kiongozi wa idara yako ili upangiwe tarehe 13."

Kifungu cha "kisichobadilika" ndicho kinachosahaulika mara nyingi, ingawa ndicho hutuliza watu kuliko vyote. Bila hicho, mmoja ataacha kitabu cha MTUHA siku ileile, na mwezi ujao ripoti itakuwa na pengo.

Linabaki suala la msaada. "Wasilianeni na ofisi ya TEHAMA" si msaada, kwa kuwa ofisi hufungwa jioni na wagonjwa huja usiku. Kwenye tangazo la mfawidhi, kila idara ina mtumishi mmoja aliyefundishwa siku moja zaidi, na jina lake limeandikwa pamoja na zamu zake kwa wiki mbili za mwanzo. Huyo akishindwa, kuna namba moja ya simu ya afisa TEHAMA, na namba hiyo inapokelewa saa 24 kwa wiki hizo mbili. Mtumishi anaambiwa pia aeleze nini: yuko ukurasa gani, alibonyeza nini, ujumbe gani umetokea, na saa ngapi.

Kuna katazo moja linalostahili mstari wake. Watu hupiga picha skrini na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp wakiomba msaada, na ndani ya picha kuna jina la mgonjwa na majibu ya vipimo vyake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, mgonjwa hakukubali majibu yake yasomwe na kundi zima. Tangazo liseme: tuma ujumbe wa kosa tu, ziba jina. Liongeze kwamba nywila haiulizwi na mtu yeyote kwa simu, hata na afisa TEHAMA.

Namna ya kujua kama tangazo limeeleweka ni kuhesabu kabla ya siku yenyewe. Jumatatu tarehe 13 jioni, mafunzo ya mwisho yakishaisha, afisa TEHAMA anaangalia wangapi wameingia kwenye mfumo kwa akaunti zao angalau mara moja. Wakiwa 29 kati ya 36, kazi ya kabla ya Alhamisi ni kuwafikia wale saba mmoja mmoja. Huenda mmoja alikuwa likizo, na wawili majina yao yameandikwa tofauti na yalivyo kwenye kitambulisho.

Baada ya kuanza, dalili mbaya ni daftari dogo linalorudi chini ya meza. Mtumishi anaandika kwenye daftari kwanza, halafu anaahidi kuingiza kwenye kompyuta baadaye. Kumgombeza hakusaidii, kwa kuwa kuna hatua iliyomshinda na ana foleni mbele yake. Ni bora kuuliza ni hatua ipi.

Kwa ajili hiyo msaidizi wa kila idara anaandika maswali yote anayoulizwa. Kwenye mfano wetu, siku mbili za kwanza maabara imeuliza mara tano namna ya kufuta ombi lililotumwa kwa makosa, na mapokezi mara nne kuhusu watoto wachanga wasio na namba ya simu. Jumatatu tarehe 20 asubuhi, kabla ya makabidhiano ya zamu, karatasi mpya inabandikwa juu ya ile ya kwanza. Ina majibu mawili, mtoto aandikishwe kwa namba ya simu ya mama yake na ombi lililokosewa lifutwe na tabibu aliyelituma, pamoja na jina la aliye zamu ya msaada usiku huo.