Mbia Mwenye Mshahara: Jinsi Faida ya Ubia Inavyogawanywa

Wanafunzi wa uwekahesabu hulikuta swali hili tangu sekondari, na wafanyabiashara hulikuta mwisho wa mwaka wakiwa na daftari mezani na nyuso zimekunjamana. Wabia wawili wamepata faida. Mmoja alitoa fedha nyingi, mwingine alitoa fedha kidogo lakini ndiye anayefungua karakana alfajiri na kuifunga usiku. Walikubaliana riba ya mtaji, mshahara wa mmoja wao, na uwiano wa kugawana kinachobaki. Je, kila mmoja apate shilingi ngapi?

Tuchukue karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam, na wabia wake tuwaite Asha na Juma. Asha ametoa mtaji wa shilingi 40,000,000 na ana shughuli zake nyingine. Juma, ambaye ni fundi seremala, ametoa 10,000,000 na anashinda karakanani. Mkataba wao una mambo matatu: kila mbia apate riba ya asilimia 10 kwa mwaka juu ya mtaji wake, Juma alipwe mshahara wa 600,000 kwa mwezi, na faida inayobaki igawanywe kwa uwiano wa 3 kwa 2, Asha akiwa na 3.

Mwaka wa kwanza karakana inapata faida halisi ya 18,000,000. Hapo ndipo akaunti ya mgawanyo wa faida inapoanza kazi. Akaunti ya faida na hasara inatuambia biashara imepata kiasi gani, na hii ya mgawanyo inatuambia kila mbia ana fungu gani katika kiasi hicho. Tunaanza na riba ya mtaji: Asha 4,000,000, Juma 1,000,000. Kisha mshahara wa Juma, 600,000 mara miezi 12, yaani 7,200,000. Jumla ya vyote ni 12,200,000, hivyo zinabaki 5,800,000. Tunazigawa mafungu matano, Asha anachukua matatu ambayo ni 3,480,000, na Juma mawili ambayo ni 2,320,000. Ukijumlisha yote aliyopata kila mmoja, Asha ana 7,480,000 na Juma ana 10,520,000. Viwili hivyo vikijumlishwa vinarudi kuwa 18,000,000 kamili.

Mpaka hapo hesabu ni nyepesi. Ugumu unaanza pale mtu anapodhani kwamba mshahara wa Juma ni sawa na mshahara wa msaidizi wake anayepiga msasa. Msaidizi ni mwajiriwa, na ujira wake ni gharama ya biashara. Lazima alipwe hata karakana ikipata hasara. Juma ni mwenye mali. Hawezi kujiajiri mwenyewe, na anachoitiwa mshahara ni fungu la faida alilotengewa kwanza kwa sababu ya jasho lake, kama vile riba ya mtaji ilivyo fungu alilotengewa Asha kwa sababu ya fedha zake. Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya, sura ya 470, inalitazama jambo hivyo hivyo: pato la mbia linalotozwa kodi ni malipo anayopata kwa kazi yake katika ubia, pamoja na riba ya mtaji wake, pamoja na sehemu yake ya faida, vyote vikiwekwa kapu moja.

Kosa la kuchanganya mambo haya mawili lina gharama, tena halionekani kwa urahisi. Tuseme Juma alikuwa akichukua zile 600,000 kila mwezi, na karani akaziandika katika akaunti ya mishahara pamoja na za wafanyakazi wengine. Mwisho wa mwaka akaunti ya faida na hasara itaonyesha faida ya 10,800,000 badala ya 18,000,000, kwa kuwa 7,200,000 zimeshakatwa kama gharama. Karani huyo huyo akiingia kwenye mgawanyo na kufuata mkataba neno kwa neno, atatoa tena riba 5,000,000 na mshahara 7,200,000, apate upungufu wa 1,400,000, kisha augawe kwa 3 na 2. Asha ataandikiwa 3,160,000. Juma ataandikiwa 7,640,000, na mfukoni ana zile 7,200,000 za kila mwezi ambazo hakuna aliyezihesabu upande wake. Juma amelipwa mshahara mara mbili, na Asha amepoteza 4,320,000. Cha kutisha ni kwamba akaunti inafunga vizuri, pande zote mbili zinalingana, na mizania nayo italingana. Kulingana kwa pande hakuwezi kuligundua kosa hili.

Linagunduliwa kwa kuuliza swali moja kabla ya kugawa chochote: ndani ya gharama za mwaka huu kuna shilingi iliyokwenda kwa mbia yeyote? Katika mitihani jibu huwa limefichwa kwenye maelezo ya chini ya urari, kwa sentensi kama "mishahara inajumuisha 7,200,000 alizolipwa mbia". Anayeisoma vizuri huzirudisha kwanza 7,200,000 kwenye faida, ifike 18,000,000, ndipo agawe. Zile alizokwisha kuchukua Juma huandikwa katika akaunti yake binafsi kama fedha alizotoa, si kama gharama. Hivyo kati ya 10,520,000 alizostahili, ameshachukua 7,200,000, na anaidai karakana 3,320,000.

Kuna malipo kwa mbia ambayo hukaa upande wa gharama, mfano riba ya mkopo. Asha akiikopesha karakana 5,000,000 nje ya mtaji wake kwa asilimia 12, riba ya 600,000 hukatwa kabla ya faida halisi kupatikana, kwa kuwa hapo amesimama kama mkopeshaji. Sheria zenyewe zimetenganisha mambo haya tangu zamani. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890 inasema kwamba pasipo makubaliano mbia hana riba ya mtaji, lakini aliyetoa fedha zaidi ya mtaji aliokubali kuutoa ana haki ya asilimia 5 kwa mwaka. Ile ya India ya mwaka 1932 inampa asilimia 6.

Sasa tuje kwenye mwaka mbaya, ambao naamini ndio wabia wengi hawaufikirii wanaposaini. Mbao zimepanda bei, wateja wamepungua, na karakana imepata faida ya 6,100,000 tu. Masharti ni yale yale: riba na mshahara vinahitaji 12,200,000. Fedha hazitoshi. Wengi hapa husimama na kuuliza kama riba isitolewe kwanza, au mshahara upunguzwe.

Kwa utaratibu unaofundishwa katika vitabu vyenye asili ya Uingereza, ambao ndio uliotuingia sisi Afrika Mashariki, hakuna kinachopunguzwa. Kila mmoja anaandikiwa riba yake yote na mshahara wake wote, na kinachobaki, ambacho safari hii ni upungufu wa 6,100,000, kinagawanywa kwa uwiano ule ule wa 3 na 2 kama hasara. Asha anaandikiwa riba ya 4,000,000 na kubebeshwa upungufu wa 3,660,000, anabaki na 340,000. Juma ana riba na mshahara wa 8,200,000, anabeba 2,440,000, anabaki na 5,760,000.

Itazame vizuri hesabu hiyo. Mwenye 40,000,000 ndani ya biashara, katika mwaka ambao biashara imepata faida, ameondoka na 340,000. Hakuna aliyeibiwa na hakuna aliyekosea. Uwiano wa 3 kwa 2 uliompendeza Asha mwaka wa neema ndio uliomkamua mwaka wa dhiki, kwa sababu anayechukua fungu kubwa la kinachobaki hubeba pia fungu kubwa la kinachopungua.

India wamelitazama jambo hili kwa namna nyingine. Sheria yao inasema riba ya mtaji hulipwa kutoka katika faida tu, na kwa desturi ya wahasibu wa huko faida isipotosha kutimiza mafungu yote yaliyokubaliwa, hugawanywa kwa kulingana na ukubwa wa mafungu hayo. Kwa karakana yetu, Asha alistahili 4,000,000 na Juma 8,200,000. Zilizopo ni nusu ya zinazohitajika. Basi kila mmoja apate nusu, Asha 2,000,000 na Juma 4,100,000. Faida ni ile ile na mkataba ni ule ule, lakini Asha amepishana na 1,660,000 kwa sababu ya kanuni ambayo hakuna aliyeiandika.

Wabia Waislamu wasiotaka kuigusa riba huweza kuacha kifungu cha riba ya mtaji na badala yake kumwongezea mwenye fedha nyingi uwiano wa faida. Na katika musharaka hasara hubebwa kwa kiasi cha mtaji, ambayo hapa ingekuwa 4 kwa 1, hata kama faida inagawanywa vingine. Nao pia wanahitaji kuliandika hilo waziwazi, kwani uwiano mmoja usio na maelezo utachukuliwa kuwa ni wa faida na hasara pamoja.

Na wasioandika chochote? Tanzania ubia unatawaliwa na Sheria ya Mikataba, sura ya 345, na msingi wake ni ule ule wa Uingereza: pasipo makubaliano, wabia hugawana sawa, hakuna riba ya mtaji, hakuna mshahara wa mbia. Asha na Juma wangepata 9,000,000 kila mmoja mwaka wa kwanza na 3,050,000 kila mmoja mwaka wa pili, bila kujali nani alitoa 40,000,000 na nani alivuta vumbi la mbao mwaka mzima.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuingia ubia, usiishie kwenye asilimia na uwiano. Ongeza sentensi moja kwenye mkataba inayosema faida isipofikia riba na mishahara, upungufu utabebwa vipi. Kisha, kabla hamjasaini, chukueni faida ndogo kabisa mnayoweza kuifikiria, igaweni kwa masharti yenu mkiwa mmekaa pamoja, na kila mmoja aangalie fungu lake. Asiyeridhika nalo aseme siku hiyo.