Je, Wajua? Balbu iliyocheleweshewa jibu

Novemba 2021, Derek Muller wa chaneli ya Veritasium kwenye YouTube alifungua somo la umeme kwa kitendawili. Betri, swichi na balbu zimeunganishwa kwa nyaya mbili, kila moja ina urefu wa kilomita 300,000, lakini balbu iko mita 1 tu kutoka kwenye betri. Ukiwasha swichi, balbu itawaka baada ya muda gani?

Mtazamaji anapewa majibu ya kuchagua, kisha jibu sahihi linafichwa. Ndipo somo lenyewe linapopenyezwa: nishati ya umeme husafiri kwenye uga ulio nje ya waya. Ni nadharia kavu, ila aliyekwisha kuchagua jibu anataka kujua kama amepata au amekosa. Jibu linakuja baadaye: karibu papo hapo, muda wa mwanga kuvuka mita 1. Wahandisi wengi walibisha, na mwaka 2022 Muller akatoa video ya pili kujieleza.

Mtego huu wa kuchelewesha jibu una hatari yake. Swali moja likining'inizwa dakika kumi bila vijibu vidogo njiani, watu huruka mbele. Mwenye video huliona hilo kwenye grafu ya watazamaji: bonde katikati, kisha kilima pale jibu linapotajwa. Dawa yake ni kulijibu swali nusu, na katika jibu hilo kuibua swali jipya, kama Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela alivyomkatizia mfalme hadithi alfajiri.