Tundu kwenye Boriti: Kwa Nini Karibu na Nguzo Ndipo Pabaya

Swali hili huja mara nyingi jengo likiwa limeshasimama. Boriti za chuma zimefungwa, zege la sakafu limemwagwa, sasa fundi wa viyoyozi anataka kupitisha njia ya hewa na boriti imemzibia. Kuishusha njia ya hewa chini ya boriti kungefanya dari iwe fupi mno. Basi anachukua chaki, anachora mstatili ubavuni mwa boriti, anamwita fundi wa kukata kwa gesi. Na akiwa mtu mwangalifu, atachora mstatili huo karibu na nguzo, kwa sababu kila mtu anajua kwamba boriti huinama zaidi katikati. Pembeni, anaona, ni salama.

Mawazo hayo yana akili ndani yake, lakini yanamwongoza pabaya.

Boriti ya chuma ya kawaida ina umbo la herufi I. Juu kuna bawa, chini kuna bawa, na kati yao umesimama ubavu, kibao chembamba cha wima. Sakafu inapokandamiza, bawa la juu hubanwa na la chini huvutwa, na mabawa hayo mawili ndiyo yanayobeba karibu mpindo wote. Ubavu una kazi nyingine. Wenyewe huzuia upande mmoja wa boriti usiteleze kwenda chini kando ya upande wa pili, yaani hubeba nguvu ya kukata. Nguvu hiyo ni kubwa karibu na nguzo, na katikati ya boriti iliyobeba uzito sawasawa huwa sifuri. Fundi wetu alikumbuka mpindo, akasahau mkato.

Ukitoboa tundu ubavuni, chuma kinachobaki juu ya tundu kina umbo la T, na kinachobaki chini yake ni T iliyopinduliwa. Nguvu ya kukata haikuondoka kwa sababu tundu limekuwepo. Inapaswa bado kuvuka kutoka ukingo mmoja wa tundu hadi wa pili, na njia iliyobaki ni hizo T mbili nyembamba.

Shika rula ya plastiki kwa mikono miwili, huku ukihakikisha ncha zote mbili zimelala sawa. Sasa inua mkono wa kushoto kidogo, shusha wa kulia, bila kuziacha ncha zigeuke. Rula itajikunja kama herufi S. Hivyo ndivyo kila T inavyofanya juu na chini ya tundu. Upande wa nguzo hupanda, upande wa katikati hushuka, na T hupinda mara mbili, kila mwisho kwa mwelekeo wake. Huu ni mpindo wa pili, unaoongezwa juu ya mpindo wa boriti nzima. Wahandisi wameupa jina la Arthur Vierendeel, Mbelgiji aliyebuni mwishoni mwa karne ya 19 madaraja yasiyo na vyuma vya mshazari, yenye fremu za mstatili tupu. Daraja lake la Avelgem, kwenye mto Scheldt, lilijengwa mwaka 1902. Fremu ya namna hiyo, kama benchi lisilo na kiungo cha mshazari, husimama kwa ugumu wa kona zake tu. Tundu la mstatili huigeuza sehemu hiyo ya boriti kuwa fremu kama hiyo.

Ukubwa wa mpindo wa pili ni rahisi kuupata: zidisha nguvu ya kukata kwa urefu wa tundu. Jumla hiyo hugawanywa kwa kona nne, na T mbili zikiwa sawa, kila kona hupata robo. Angalia kwamba kinachozidishwa ni urefu wa tundu, siyo kimo chake. Kimo kina dhara lake, kwa kuwa kinaipunguza T yenyewe. Lakini urefu ndio mkono wa wenzo.

Tufanye hesabu ya boriti moja. Ina kimo cha milimita 453, mabawa ya upana wa milimita 190 na unene wa 12.7, na ubavu wa unene wa milimita 8.5. Inavuka mita 8 kati ya nguzo mbili na kubeba tani 4 kwa kila mita, akiba ya usalama ikiwa imeshaingizwa humo. Ikiwa nzima, boriti hii ya chuma cha kawaida cha ujenzi inatosha: mpindo wake wa katikati ni tani-mita 32, na uwezo wake ni kama 40. Sasa fundi anakata tundu la urefu wa milimita 450 na kimo cha 250, kitovu chake kikiwa mita 1 kutoka kwenye nguzo.

Kila nguzo inapokea tani 16. Ukisogea mita 1 ndani, tani 4 zimeshatolewa, hivyo nguvu ya kukata kwenye tundu ni tani 12. Zidisha kwa mita 0.45, upate tani-mita 5.4. Gawa kwa nne: kila kona ya T inadaiwa tani-mita 1.35.

Je, T ina kiasi gani cha kulipa? Kila moja ina kimo cha milimita 102 tu. Tukiipa kila upendeleo, tukikubali chuma chake chote kifike kwenye kikomo cha kulegea, uwezo wake ni tani-mita 1.25. Na hata hizo si zake zote. Mpindo wa boriti nzima unaibana T ya juu na kuivuta ya chini kwa kama tani 34, na chuma kilichoshughulika na kuvutwa hakina nguvu kamili ya kupindwa. Zinabaki kama 1.06. Inadaiwa 1.35 na ina 1.06. Boriti ile ile iliyokuwa na akiba ya kutosha sasa haitoshi, mahali ambapo fundi alidhani haina kazi.

Lisogeze tundu hilo hilo hadi katikati kabisa. Nguvu ya kukata hapo ni sifuri, kwa hiyo mpindo wa pili karibu haupo. Kila T inabanwa au kuvutwa kwa tani 77 na uwezo wake ni 87. Inapita, ingawa nafasi iliyobaki ni ndogo. Mita 2 kutoka kwenye nguzo, hata hivyo, bado inashindwa: mkato umepungua, lakini mvuto wa boriti nzima umekula nguvu ya T. Kwa boriti hii, tundu la mstatili lina usalama kiasi cha nusu mita tu upande huu na upande huu wa katikati. Boriti iliyobeba mzigo mwepesi zaidi ingekuwa na eneo pana, na iliyobebeshwa mzigo mmoja mzito sehemu moja ingekuwa na ramani nyingine kabisa. Kwa hiyo nusu mita hiyo isichukuliwe kuwa kanuni ya kila jengo.

Nilichokipenda zaidi katika hesabu hizi ni umbo la tundu. Rudi mita 1 kutoka kwenye nguzo, pale tuliposhindwa, ukate duara la kipenyo cha milimita 250 badala ya mstatili. Kimo ni kile kile. Lakini duara ni refu tu pale lilipo na kimo kidogo. Kuelekea juu na chini kabisa, ambako T ni nyembamba, njia ya kuvuka ni fupi. Kwa ajili ya mpindo wa pili, wahandisi hulihesabu duara kama mstatili wenye urefu wa asilimia 45 ya kipenyo chake, yaani hapa kama milimita 112. Deni la kila kona linashuka kutoka tani-mita 1.35 hadi 0.34. Boriti inapita, tena kwa hesabu ya tahadhari zaidi. Mara nyingi njia ya hewa ya mstatili inaweza kubadilishwa ikawa mabomba mawili ya duara yaliyoachana vizuri, na hakuna chuma cha kuongeza.

Ikiwa mstatili umeshakatwa, tiba ipo. Huchomelewa mabamba ya chuma ya kulala, moja juu ya tundu na moja chini yake, kandokando ya ukingo. Kwa boriti yetu, bamba la milimita 80 kwa 10 kwenye kila T linaupandisha uwezo wake kutoka tani-mita 1.25 hadi karibu 2.95, kwa sababu limewekwa mbali na bawa, pale T ilipokuwa na ukingo mtupu wa ubavu. Bamba lisiishie kwenye kona. Lipite tundu kila upande, hapa kama sentimita 15, ili lichomelewe kwenye ubavu mzima. Nguvu huingia ndani yake kupitia hiyo sehemu inayozidi. Na kabla ya kuchomelea, boriti itegemezwe kwa mihimili ya muda na kuinuliwa kidogo, la sivyo bamba jipya litabeba mzigo utakaokuja baadaye tu, huku T ikiendelea kubeba wa zamani peke yake.

Nimeona mara kwa mara tiba isiyo tiba: mabamba ya wima yaliyochomelewa kushoto na kulia mwa tundu. Yanaonekana imara, na yana faida kwa ubavu ulio kando, lakini hayaipi T nguvu yoyote ya kupinda. Kosa lingine liko kwenye ukataji. Kona ya tundu inapaswa kuviringwa, kwa nusu-kipenyo kisichopungua unene wa ubavu mara mbili. Moto wa gesi ukipitiliza kona hata kidogo, unaacha mfuo mkali, na ufa huanzia hapo.

Boriti inayoelemewa namna hii huonyesha dalili kabla haijaanguka. Mstatili hugeuka kuwa sambamba uliolala: upande wa nguzo umepanda, wa katikati umeshuka. Kwenye maabara, wachunguzi huipaka boriti chokaa kabla ya kuipakia mzigo, kisha huangalia chokaa ikibanduka, na hubanduka kwanza kwenye kona. Jengoni, rangi hufanya kazi hiyo hiyo. Kona mbili hupanuka na kuvutwa: ya juu iliyo mbali na nguzo, na ya chini iliyo upande wa nguzo. Hiyo ya chini ndiyo mbaya zaidi kwa ufa, kwa sababu T ya chini inavutwa pia na mpindo wa boriti nzima.

Ukiingia kwenye jengo lenye boriti iliyotobolewa, panda ngazi na tochi, uanze na kona hiyo ya chini, upande wa nguzo. Rangi ikiwa imepasuka hapo, ondoa mzigo sakafuni, weka mihimili ya muda chini ya boriti, na umwite mhandisi siku hiyo hiyo.