Ujumbe wa Katibu Kabla ya Kikao cha Mtandaoni

Taarifa ya kikao cha mtandaoni, ambayo katibu huituma siku mbili tatu kabla, hubeba mambo manne: saa, kiungo, ajenda na maandalizi. Linaloharibika mara nyingi zaidi ni saa.

Chukua kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama Dar es Salaam, Muskati na London, kinachokutana Jumapili ya tarehe 29 Machi 2026. Katibu akiandika "saa 8" kwa kuitazama simu yake, wa Dar atajua ni mchana, kumbe simu ilimaanisha saa mbili usiku. Kwa wa mbali shaka ni kubwa zaidi, maana hajui ni saa ya wapi. London nako, saa husogezwa mbele alfajiri ya siku hiyohiyo, hivyo tofauti yake na Dar hupungua kutoka saa tatu hadi mbili. Aliyezoea hesabu ya Jumapili iliyotangulia atawahi kwa saa nzima. Dawa ni kutaja miji:

```
KIKAO: Jumapili, 29 Machi 2026
Dar: saa 2:00 usiku (20:00)
Muskati: saa 3:00 usiku (21:00)
London: saa 12:00 jioni (18:00)
```

Kiungo kikae peke yake kwenye mstari, bila nukta mwishoni. Kiungo cha Zoom aghalabu huwa na `?pwd=` kikifuatiwa na herufi nyingi, na humo ndimo ilimo nywila. Anayekinakili nusu huombwa nywila mlangoni, kisha hupiga simu kwa katibu wakati kikao kimeshaanza. Kwa hiyo namba ya kikao na nywila huandikwa pia chini yake. Katibu akikumbusha saa moja kabla, ni bora aujibu ujumbe uleule kuliko kutengeneza kiungo kipya, la sivyo wanachama hugawanyika vyumba viwili, kila upande ukiulaumu mwingine.

Ajenda hufuata desturi ya vikao vyote: kufungua, kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, hoja mpya, mengineyo. Ila Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40, basi kila kipengele hupewa dakika zake, na hoja yenye uamuzi hutangulizwa kabla ya taarifa ndefu. Hata hoja yenyewe huandikwa kwa namna inayojibika. "Michango" haimwambii mtu kitu; "Kuamua iwapo mchango wa mwezi upande kutoka shilingi 10,000 hadi 15,000" humfanya aje na jibu.

Maandalizi nayo hutaja mtu na kazi yake. "Mjiandae" ni neno tupu. Mhazini atume taarifa ya mapato na matumizi kufikia Ijumaa jioni. Wanachama waisome ukurasa wa deni la mikopo. Asiyeweza kuhudhuria amwandikie katibu kura yake, kama katiba ya kikundi inaruhusu, na udhuru wake uhesabiwe mapema ili ijulikane kama akidi itatimia.