Treni ya Kigoma Isiyofika Korogwe

Nilikwenda Muheza kufuatilia bei ya mkonge. Mwenyeji wangu, mtafiti wa historia ya simulizi ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwarekodi wazee waliofanya kazi mashambani, alikuwa ametandaza karatasi mezani, na habari ya bei ikanitoka kichwani pale pale. Yalikuwa maandishi ya mahojiano na mzee mmoja aliyeletwa mkoani Tanga akiwa manamba. Maneno ya mzee yalikuwa yamechapwa vizuri, lakini pembeni penseli ilikuwa imejaa: duara, mistari, alama za kuuliza, na maswali yaliyoandikwa, yakakatwa, yakaandikwa upya.

Sentensi moja ilikuwa imechorwa kuliko zote. Mzee alisema: “Kabla ya Uhuru kidogo walituchukua Kigoma, tukapanda treni mpaka Korogwe, tukaanza kazi.” Mimi ningeinukuu kama ilivyo na kuendelea na safari. Mtafiti alikuwa amezungushia duara neno “walituchukua”, akapiga mstari chini ya “mpaka Korogwe”, na pembeni akaandika mwaka: 1963.

Huo ndio mwaka ilipofunguliwa reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi. Kabla ya hapo Reli ya Kati na reli ya Tanga hazikukutana. Mtu aliyepanda treni Kigoma kabla ya Uhuru asingeweza kushukia Korogwe bila kutembea, kupanda gari au kulala mahali fulani katikati. “Kwa hiyo ama tarehe imesogea, ama kipande cha safari kimedondoka,” aliniambia. “Au amechanganya safari ya kwanza na ile aliyokuja nayo baadaye, akitoka likizo nyumbani. Sijui ni lipi. Na nikijifanya najua, nimeshaharibu.”

Kuharibu kwenyewe nilikuona pale pale pembeni mwa ukurasa. Swali lake la kwanza lilisomeka: “Mzee, mbona reli ya kwenda Korogwe ilifunguliwa 1963?” Alilikata. Alisema hilo ni swali la hakimu. Mzee ataanza kujitetea, na ukishamfanya mtu ajitetee kuhusu treni, hatakwambia tena habari ya mke wake. La pili: “Je, kutoka Morogoro mlipanda lori?” Nalo likakatwa. Lori limetoka kwake mtafiti, si kwa mzee, na mzee mwenye adabu akiulizwa na mgeni aliyekuja na sukari atajibu ndiyo, tulipanda lori. Jibu hilo litaingia kwenye kitabu, na hakuna atakayejua kwamba ni mwangwi tu.

La tatu ndilo lililobaki: “Mzee, ulisema mlipanda treni Kigoma. Mliposhuka, mlishukia stesheni gani?” Hata hili lilikuwa na mkia, “na kisha mkaenda wapi, na nani aliwapokea?” Mkia ameukata. Ukiuliza matatu kwa pamoja, anasema, utajibiwa la mwisho, au lile jepesi. Swali linaanza na maneno ya mzee mwenyewe ili ajue alisikilizwa, kisha linauliza kitu kimoja ambacho jicho lake lilikiona.

Duara la “walituchukua” lina kazi nyingine. Kiswahili kinaruhusu mtu asimulie uonevu wa miaka bila kumtaja mtendaji hata mmoja: walituchukua, walituandika, tuliambiwa. Wasomaji wanaijua ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, SILABU, iliyoanza 1944, na mtafiti angeweza kujaza pengo hilo kwa kalamu yake. Hakufanya hivyo. Huenda aliyemchukua mzee alikuwa wakala wa ofisi hiyo, huenda alikuwa jumbe wa kijiji, huenda alikuwa mjomba wake. Swali aliloliandika ni hili: “Nani alikuja kuzungumza nanyi pale kijijini, na alikaa wapi mlipokuwa mnazungumza?” Nilimuuliza kwa nini anataka kujua alikokaa. Alicheka. “Mtu akikumbuka kiti, atakumbuka na aliyekikalia.”

Kabla ya kuandika swali lolote huirudia sauti, maana maandishi husafisha mambo. Kuna mahali palipochapwa: “Maisha kambini yalikuwa ya kawaida tu.” Ukisoma utapita. Ukisikiliza, kuna kimya kirefu kabla ya “ya kawaida”, kisha kikohozi. Kijana aliyenukuu aliviacha vyote viwili, akidhani si maneno. Sasa pameandikwa kwa penseli “kimya” na dakika yake kwenye rekodi.

Kwa majibu mepesi ya namna hiyo, haombi ufafanuzi. “Ukimwambia fafanua, atakupa kawaida nyingine.” Anachofanya ni kulivunja jibu mpaka lifike kwenye siku moja au kitu kimoja cha kushikika. Mzee alisema kipande kikiisha unalipwa. Sawa, kila mtu Tanga anajua kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi. Lakini siku zisizofanyiwa kazi je? Swali likawa: “Siku uliyougua, kadi yako iliandikwaje?” Na badala ya kuuliza kama mshahara ulitosha: “Ukitoka kulipwa, hela mkononi, ulianza kwenda wapi?”

Si kila alama iligeuka swali. Nyingine alizifuta, kwa sababu pengo lilikuwa katika udadisi wake, si katika simulizi. Alibakiza maswali sita, kwa kuwa mzee huchoka kabla ya saa kuisha, akayapanga kwa kufuata maisha ya mzee, wala si kwa kufuata kurasa. Treni ilitangulia kwa sababu ni nyepesi.

Haikuwa nyepesi hivyo. Katika mahojiano ya pili, alipoulizwa stesheni, mzee alijibu Morogoro bila kusita. Walilazwa kambini, akasema, na kesho yake wakapangwa foleni kuandikwa. Hapo ndipo alipoongezewa miaka. Aliyekuwa mbele yake alimnong’oneza aseme umri mkubwa zaidi, naye akasema. Mambo hayo hayakuwemo kabisa katika mahojiano ya kwanza. Yalikuwa yamejificha ndani ya “mpaka Korogwe”.

Nikadhani mtafiti angefurahi. Kumbe jibu lilimwachia karatasi mpya ya penseli. Kama umri wa kwenye kadi ni wa uongo, hesabu yote ya miaka aliyokuwa ameijenga juu yake inayumba, pamoja na hiyo “kabla ya Uhuru kidogo”. Sasa anaacha tarehe na kuuliza kwa matukio: Uhuru ulikukuta kambi ipi, ulikuwa umeshaoa au bado?

Swali la sita hakuliuliza. Mzee alikuwa amesema “hapakuwa na matatizo na wenye shamba”, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mashamba ya mkonge yalikumbwa na migomo. Mtafiti aliliandika mara nyingi bila kulitaja neno mgomo: “Kuna siku yoyote korona haikunguruma?” Lilikuwa swali zuri, nadhani ndilo bora kuliko yote. Lakini siku ya mahojiano ya pili mtoto mkubwa wa mzee alikuja akakaa naye mkekani muda wote, na kila baba alipositasita, yeye alimalizia sentensi.

Nilimuuliza kama atarudi mara ya tatu. Atarudi, alisema, ila hajui bado atamwombaje yule mtoto atoke bila kumfanya baba ahisi kwamba kuna jambo la kuficha. Wala hana hakika kama ni haki yake kumwomba.