Zamu Hupokelewa Kitandani: Barua kwa Wakunga Wapya

Aliyewahi kulaza mgonjwa anakijua kile kipindi cha asubuhi ambapo ndugu hutolewa nje ya wodi na wauguzi wa zamu mbili huonekana wakizunguka vitanda pamoja, wakinong'ona na kufunua mafaili. Wengi hudhani ni salamu tu. Barua hii niliwaandikia wakunga wanaoanza kazi katika wodi ya wazazi ninayoisimamia, na ninaitoa hapa ili hata msomaji asiyevaa sare ajue kinachofanyika dakika zile.

Sista na brada, karibuni.

Ratiba ukutani inasema zamu ya asubuhi inaanza saa 1:30. Mimi nataka saa 1:15 uwe umeshavaa sare, umenawa mikono, na mkononi una saa yenye mshale wa sekunde. Dakika hizo kumi na tano si za ripoti. Ni za kukagua vifaa, kwa sababu ripoti ikishaanza hutapata tena nafasi hiyo, na mtoto anayezaliwa bila kupumua hatakusubiri utafute kilipo kifaa.

Anza na meza ya kuhudumia mtoto mchanga. Chukua ambu begi, bana barakoa yake kwenye kiganja chako, kisha kamua. Ukisikia msukumo unakataa kwenye kiganja na vali ya usalama inatoa hewa, begi ni nzima. Likinywea bila msukumo, kuna mahali panapovuja, na hilo utolewe mezani saa hiyo hiyo. Hakikisha barakoa zipo mbili, ya mtoto aliyetimiza miezi na ya njiti.

Kisha nenda kwenye mtungi wa oksijeni. Usiridhike kwamba upo. Fungua na usome geji. Tuseme mtungi wetu una ujazo wa lita 10 na geji inaonyesha bar 60. Zidisha: ndani kuna takriban lita 600 za oksijeni. Mgonjwa akiwekewa lita 5 kwa dakika, ataimaliza kwa dakika 120. Maana yake ukimwekea saa 1:30, saa 3:30 mtungi ni mtupu. Mtungi wa akiba unaagizwa sasa, si wakati mama ameanza kuhema.

Soma pia kipimajoto cha friji ya dawa. Oksitosini, ile sindano ya kukaza mfuko wa uzazi baada ya kujifungua, hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikilala kwenye joto muda mrefu hupoteza nguvu, na chupa yake haibadiliki rangi kukuonya. Ukikuta friji imezimika usiku, niambie kabla hujamchoma mtu. Mwisho, dawa kali za maumivu huhesabiwa na watu wawili, anayetoka na anayeingia, na wote wawili hutia saini ndipo ufunguo ubadilishe mkono.

Sasa ripoti. Hapa kwetu haitolewi mezani. Tunaitolea kitandani, mama akiwa mbele yetu. Anayetoka zamu atasema mambo manne kwa kila mama: ni nani na amefikaje hapa, nini kimetokea usiku, hali yake ikoje dakika hii, na kitu gani kinamngojea na saa ngapi. Maneno "anaendelea vizuri" hayamo katika hayo manne. Ukiyasikia, uliza kwa adabu: vizuri kwa vipimo gani, vilivyochukuliwa saa ngapi? Siri za mama, kama hali yake ya virusi vya Ukimwi, hazitamkwi mbele ya jirani yake wa kitandani. Utaonyeshwa kwa kidole ndani ya faili.

Niwape mfano mmoja, mwone kwa nini nasisitiza kitanda.

Ni saa 1:45. Mmefika kitanda cha 6. Sista anayetoka anasema: mama wa mtoto wa nne, amejifungua saa 11:40 alfajiri kwa njia ya kawaida, kondo limetoka, presha ya saa 12 ilikuwa 110/70. Kila alichosema ni kweli. Mama amelala kimya, amejifunika kanga mpaka shingoni. Kimya hicho kinaweza kuwa uchovu, na kinaweza kuwa kitu kingine.

Msalimie, mwombe ruhusa, weka mkono tumboni. Baada ya kujifungua, mfuko wa uzazi unatakiwa uwe mgumu, kama unavyohisi ukigusa paji la uso wako, na kilele chake kiwe usawa wa kitovu au chini kidogo. Wa huyu mama ni laini, umepanda juu ya kitovu na umelalia upande mmoja. Funua kanga, tazama pedi, kisha pitisha mkono chini ya kiuno, maana damu hufuata mteremko na kujikusanya mgongoni. Pedi imelowa na shuka chini imelowa. Hesabu mapigo: 118. Pima presha: 100/60.

Presha hiyo peke yake isingemshtua mtu. Mama aliyekuwa na afya njema anapopoteza damu, mwili wake hubana mishipa na kuharakisha moyo ili presha isishuke. Kwa hiyo mapigo hupanda mapema, na presha huanguka baadaye, wakati damu nyingi imeshakwenda. Ndiyo maana nataka saa yenye mshale wa sekunde. Mashine ya presha inaweza kuharibika, lakini kidole na saa vipo daima.

Kwa nini mfuko umelegea? Pale kondo lilipobanduka kuna mishipa iliyobaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mfuko wenyewe kujikaza. Huyu mama hajakojoa tangu ajifungue. Kibofu kilichojaa kinausukuma mfuko juu na pembeni na kuuzuia usijikaze. Kuupanda na kulalia upande ndiko kulikokuwa kunatuambia hivyo.

Hapo ripoti inasimama. Unaita msaada kwa sauti, na mikono yako haiondoki kwa mama. Mmoja anasugua mfuko mpaka ukaze, mwingine anafungua mshipa kwa kanula na kuchoma oksitosini, mwingine anaweka mpira wa mkojo kutoa kibofu, na mwingine anampigia daktari na kuwaarifu maabara kuhusu damu. Kondo linakaguliwa upya kama limetoka lote, na njia ya uzazi inatazamwa kama kuna mchaniko, kwa sababu kibofu kisiwe kisingizio cha kuacha kutafuta sababu nyingine. Ipo pia asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke. Hiyo hutolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Mama alijifungua saa 11:40, basi mlango wake unafungwa saa 2:40, na sasa ni saa 1:45: zimebaki dakika 55. Mnaona kwamba ile saa ya kujifungua katika ripoti haikuwa ya kujaza kitabu.

Na sista anayetoka haondoki. Mpaka umeweka saini, mgonjwa bado ni wake. Ukishaweka, ni wako. Hakuna dakika ambayo mama huyu hana mwenyewe. Usimlaumu mwenzako mbele ya mgonjwa. Kazi yenu nyote wakati huo ni mfuko ukaze na damu ikome.

Tukimaliza mzunguko, ninagawa kazi. Sigawi vitanda kwa idadi. Mkunga mwenye mama anayesukuma hana mgonjwa mwingine. Mwenye mama wa kifafa cha mimba anapewa na wawili au watatu waliotulia. Jina lako litaandikwa ubaoni mbele ya kila mama uliyepewa, na nitakuomba urudie kwa mdomo wako: nani wako, na kitu cha kwanza ni kipi, saa ngapi.

Swali la pili ndilo wapya hujikwaa. Tuseme umepewa kitanda cha 2, mama yuko kwenye uchungu wa nguvu, na cha 9, mama wa kifafa cha mimba ambaye sindano yake ya magneziamu ni saa 4:00. Huyu wa kitanda cha 2 anadai mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa, na kawaida yake ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Ukianza saa 2:30, utarudi kwake saa 3:00, 3:30 na 4:00. Hapo saa 4:00 kazi mbili zinagongana. Usingoje zigongane. Sindano ya magneziamu ina masharti yake kabla ya kuchomwa: mama apumue angalau mara 16 kwa dakika, goti lishtuke likigongwa, na mkojo uwe angalau mililita 30 kwa kila saa. Kimoja kikikosekana, sindano haichomwi, daktari anaitwa, kwa kuwa dawa hiyo ikizidi mwilini huzima pumzi. Ukaguzi huo uufanye saa 3:40. Saa 4:00 ikifika, utamsikiliza mtoto kisha utachoma, au utakuwa umeshamwomba mwenzako mapema akusaidie.

Ukienda kunywa chai, mkabidhi mtu kwa jina. Kusema "jamani, nitupieni jicho" si kukabidhi, maana kila mtu atadhani mwingine ametupa jicho. Ukipewa agizo la dawa kwa mdomo, rudia jina la dawa na kipimo kabla ya kuvuta sindano. Na kazi ikikushinda, iseme wakati bado tuna nafasi ya kuihamisha.

Zipo siku tutakuwa wachache. Siku hizo mashuka yanaweza kuchelewa kubadilishwa na takwimu za mwezi zinaweza kungoja. Vipimo vya mama aliyejifungua ndani ya saa chache zilizopita, moyo wa mtoto aliye tumboni na masharti ya magneziamu havingoji. Ukishindwa kupima, acha nafasi wazi na uandike sababu. Nikikuta wanawake kumi na wawili wote wana mapigo 80 na presha 120/80, au partografu yenye nukta za saa nne zilizochorwa kwa mkupuo mmoja, nitajua hukuwapima. Nafasi iliyo wazi inamwambia anayefuata aanzie hapo. Namba ya kubuni inamwambia apite.

Zamu zenu za kwanza mtatembea nami kitanda kwa kitanda, mimi nikisikiliza na ninyi mkipokea. Nitakapoona mnagusa tumbo kabla sijawakumbusha, nitawaachia mpokee wenyewe.

Wenu katika kazi,
Muuguzi Mfawidhi, Wodi ya Wazazi